Hali ya mbio: skripti moja inapojikanyaga yenyewe

Duka lenyewe ni la jumla la viungo, hatua chache kutoka Marikiti, Mombasa: bizari, iliki, pilipili manga, mdalasini wa gunia. Lina kaunta tatu. Kila risiti ikitoka, kaunta huacha kifaili kidogo kwenye folda ya `mapya` ndani ya kompyuta iliyoko chumba cha nyuma. Kila baada ya dakika tano skripti niliyoiandika mimi huamka, hukusanya vifaili vilivyomo, huhakiki malipo ya kila risiti kupitia mtandao, kisha huongeza kiasi kipya kwenye faili moja liitwalo `jumla.txt`.

Miezi ikapita bila neno. Kisha, katika kumi la mwisho la Ramadhani, mama anayeshika hesabu za duka akanipigia simu. "Mwanangu, njoo utazame. Daftari langu lasema hivi, kompyuta yasema vingine."

"Kompyuta yazidi au yapungua?"

"Yapungua tu. Haijazidi hata siku moja."

Jibu hilo lilinionyesha pa kutafuta. Hesabu inayokosewa ovyo hupanda na kushuka. Hesabu inayopungua tu, tena siku za wateja wengi, ni dalili kwamba kuna maandishi yanayofutwa na maandishi mengine. Hilo ndilo mafundi huliita hali ya mbio: kazi mbili zinagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na matokeo yanategemea ipi iliyowahi na ipi iliyochelewa. Katika kisa hiki kazi zote mbili zilikuwa skripti ileile moja, imeamshwa mara mbili.

Kiini cha skripti kilikuwa hiki:

```
kazi=$(mktemp -d)
mv mapya/* "$kazi"/
jumla=$(cat jumla.txt)
mpya=$(./kagua.sh "$kazi")
echo $((jumla + mpya)) > jumla.txt
```

Kila mwamko hujitengenezea folda yake, huhamishia humo risiti mpya, husoma jumla iliyopo, huhakiki risiti, kisha huandika jumla mpya. Ukiisoma peke yake haina kosa. Siku za kawaida mstari wa nne, wa kuhakiki, ulimalizika chini ya dakika moja. Lakini Idi ilipokaribia, risiti zikawa nyingi na mtandao ukalemewa, na mstari huo ukachukua zaidi ya dakika sita. Hapo ndipo `cron`, ile programu inayoamsha kazi kwa saa zake, ilipofanya jambo ambalo wengi hawalitarajii: iliamsha skripti ya pili ilhali ya kwanza haijamaliza. `cron` haiulizi kama mwamko uliopita umekwisha. Yenyewe hutazama saa tu. Dakika ikifika, huamsha.

Tufuate asubuhi moja. Saa nne kamili, ambayo kompyuta huiandika 10:00, mwamko wa kwanza unasoma jumla: shilingi 84,000. Unaanza kuhakiki risiti zake, za shilingi 12,500. Saa nne na dakika tano bado unahangaika na mtandao, na mwamko wa pili unaanza. Nao unasoma `jumla.txt` na kukuta 84,000, maana hakuna aliyeigusa bado. Risiti zake ni za shilingi 3,200 tu. Saa 10:06 wa kwanza unamaliza na kuandika 96,500. Nusu dakika baadaye wa pili unamaliza, unachukua ile 84,000 uliyoishika kichwani, unaongeza 3,200, na kuandika 87,200 juu ya ile 96,500. Jumla ya haki ilikuwa 99,700. Shilingi 12,500 zimepotea, na hakuna ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwa macho ya kompyuta hakuna kosa lililotendeka. Kila mwamko ulitii maagizo yake mpaka mwisho.

Ushahidi niliupata kwa kuongeza mistari miwili kwenye skripti, mmoja wa kuandika saa na namba ya mchakato inapoanza, mwingine inapokwisha. Kesho yake logi ilisema hivi:

```
10:00:01 4127 anza
10:05:01 4310 anza
10:06:40 4127 isha
10:07:10 4310 isha
```

Ukiona `anza` mbili zimefuatana bila `isha` katikati, huna haja ya kubahatisha tena.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuushusha ule mstari wa `cat` uwe chini ya uhakiki, ili kusoma na kuandika vikaribiane. Sikulifanya, na ningemzuia yeyote asilifanye likiwa ndiyo dawa pekee. Upenyo kati ya kusoma na kuandika unapungua kutoka dakika sita hadi sehemu ndogo ya sekunde, lakini haujazibwa. Kosa lililokuwa likitokea kila siku litatokea mara moja kwa miezi, wakati hakuna anayelikumbuka. Tena upenyo huo mdogo una ubaya wake. Alama ya `>` kwanza huliacha faili tupu, ndipo maandishi huingia. Mwamko mwingine ukisoma katika nukta hiyo, unapata jumla tupu, na bash, programu inayoendesha skripti, huhesabu utupu kuwa sifuri bila kulalamika. Mauzo ya siku nzima yanaanza upya kutoka 3,200.

Kinachohitajika ni kuhakikisha mwamko mmoja tu unaingia kazini, na mwingine unakuta mlango umefungwa. Hiyo ndiyo kazi ya faili la kufuli. Faili hili halina haja ya kuwa na chochote ndani. Kinachotumika ni kule kushikwa kwake tu. Wengi huanza kwa kuliandika hivi:

```
if [ -e jumla.lock ]; then exit; fi
touch jumla.lock
```

Yaani: kama kufuli lipo, ondoka; kama halipo, liweke. Tatizo ni kwamba kutazama na kuweka ni hatua mbili. Skripti mbili zinaweza kutazama pamoja, zote zikakuta hakuna kitu, zote zikaweka, zote zikaingia. Umeuhamisha upenyo kutoka faili la jumla ukaupeleka kwenye kufuli. Ukitumia `mkdir jumla.lock` upenyo huo unaziba, kwa sababu kuunda folda ni tendo moja lisilogawanyika: kati ya wawili, mmoja anafaulu na mwingine anaambiwa tayari ipo. Hata hivyo linabaki tatizo la pili. Skripti ikiuawa katikati, au umeme ukakatika, folda hiyo inabaki. Kuanzia hapo kila mwamko unakuta kufuli la marehemu na kugeuka, na duka linakaa bila jumla mpaka mtu aje alifute kwa mkono.

Ndiyo maana kwenye Linux mimi hutumia `flock`. Hapa kufuli halimo katika kuwepo kwa faili. Faili linaweza kukaa hapo mwaka mzima bila kumzuia mtu. Kufuli hushikwa na kiini cha mfumo endeshi, kwa ajili ya faili lililofunguliwa, na mchakato uliolifungua ukifa kwa namna yoyote, hata kwa `kill -9`, kiini hulifunga faili na, kama hakuna mchakato mtoto unaolishikilia bado, kufuli huachiliwa papo hapo. Niliweka mistari hii juu kabisa ya skripti, kabla ya ule wa `mv`:

```
exec 9>/home/duka/jumla.lock
flock -n 9 || { echo "$(date +%T) $$ nimekuta kufuli" >> logi.txt; exit 0; }
```

Mstari wa kwanza unalifungua faili na kulipa namba 9. Wa pili unajaribu kulitia kufuli. `-n` ina maana usisubiri, ukikuta limeshikwa, ondoka. Mahali pa mistari hii ni pa maana sana. Ingekuwa chini ya `mv`, mwamko wa pili ungehamisha risiti, ukakuta kufuli, ukaondoka, na risiti hizo zingebaki kwenye folda isiyo na mwenyewe. Ikiwa juu, risiti zinabaki `mapya` na mwamko unaofuata unazichukua. Ndiyo sababu kuondoka bila kusubiri kunafaa hapa. Kama kila mwamko una kazi yake isiyoweza kurithiwa na mwingine, tumia `-w 120`, usubiri hadi sekunde 120 kabla ya kukata tamaa.

Yapo mafundi wanaoiweka `flock` kwenye crontab, faili la ratiba za `cron`, mbele ya jina la skripti. Inafanya kazi, ila kufuli hili ni la hiari: linamzuia tu yule anayeliuliza. Mtu akiiendesha skripti kwa mkono kutoka terminali, hapitii crontab wala haulizi chochote, na mko palepale mlipokuwa. Likiwa ndani ya skripti, kila njia ya kuingia inapita mlango huohuo.

Kuna mazoea mawili yanayoliharibu. La kwanza ni kufuta faili la kufuli mwishoni, kwa nia ya usafi. Mwamko uliokuwa ukisubiri unaendelea kulishika lile faili lililofutwa, wa tatu unaunda jipya lenye jina lilelile na kulifunga, na sasa wawili wako ndani, kila mmoja na kufuli lake. Liache faili likae. La pili ni skripti kuanzisha programu nyingine ya nyuma kwa alama ya `&`. Programu hiyo inarithi ile namba 9, na skripti ikiisha, kufuli bado limeshikwa na mtoto wake. Dalili yake ni logi kujaa "nimekuta kufuli" ilhali skripti haionekani popote. Amri ya `lslocks` hukuonyesha makufuli yaliyoshikwa, na `fuser -v` ukiipa jina la faili hukutajia michakato iliyolifungua. Dawa ni kuongeza `9>&-` kwenye mstari unaoanzisha programu hiyo, ili isirithi kitu.

Na kama skripti inaendeshwa na kompyuta mbili tofauti, faili la kufuli lililo kwenye diski ya mmoja halimhusu mwingine hata kidogo. Hapo jumla ihamie kwenye hifadhidata inayojua kupanga foleni yenyewe.

Siku mbili kabla ya Idi, logi ya asubuhi ilikuwa hivi:

```
10:00:01 5102 anza
10:05:01 5288 nimekuta kufuli
10:06:52 5102 isha
10:10:01 5467 anza
10:10:49 5467 isha
```

Jioni yule mama aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa daftari lake, akasoma kwa sauti tarakimu moja moja, nami nikazifuata kwenye skrini hadi senti.