Karatasi yako ya hospitali ikiwekwa kwenye grupu la mchango: ufanye nini kabla haijafika Facebook

Malalamiko mengi ya aina hii yanayotufikia hapa Malindi hayaanzi na adui. Yanaanza na mchango. Mtu amelazwa, bili imepanda, na ndugu anayejua kutumia simu anapiga picha karatasi ya kuruhusiwa hospitali, anaiweka kwenye grupu la WhatsApp pamoja na namba ya M-Pesa, na chini anaandika "tusaidiane jamaa". Nia ni njema kabisa. Lakini karatasi ile ina jina kamili, umri, namba ya faili, ugonjwa uliogunduliwa na dawa zote ulizoandikiwa.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Barani, tumwite Bi Salma. Alikubali achangiwe. Hakukubali watu wajue kwamba ametolewa kizazi. Binamu yake aliweka karatasi kwenye grupu la familia Ijumaa usiku, Jumamosi mtu akaipeleka kwenye grupu la mtaa, na Jumapili ikatokea kwenye ukurasa wa Facebook wa habari za Malindi wenye maelfu ya wafuasi. Je, kukubali kuchangiwa ni kukubali hayo yote? Sivyo. Idhini hutolewa kwa jambo maalumu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamruhusu mtu kuiondoa wakati wowote. Tena anayedai kwamba uliridhia ndiye anayepaswa kuthibitisha. Taarifa za afya zimo katika kundi la data nyeti, linalolindwa zaidi kuliko jina au namba ya simu.

Jambo la kwanza ni ushahidi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Hukimbilia kuomba picha ifutwe, inafutwa, halafu wanatujia mikono mitupu. Kabla hujamwandikia yeyote, piga skrinishoti inayoonyesha jina la grupu, namba ya aliyetuma, tarehe na saa. Kwa Facebook, nakili na kiungo cha chapisho lenyewe. Jina la ukurasa peke yake halitoshi, kwa sababu ukurasa hubadilishwa jina kwa dakika moja.

Sasa mwendee aliyeweka, faraghani. Usimjibu ndani ya grupu, maana kila jibu huirudisha picha ile mbele ya macho ya watu. Bi Salma alimwandikia binamu yake hivi: "Asalaam aleikum kaka. Najua ulitaka kunisaidia, na Mungu akulipe. Lakini ile karatasi ina siri za mwili wangu. Nakuomba uifute kwa wote sasa hivi, ubakishe jina langu na namba ya mchango tu." Ujumbe wa namna hii unatosha. Unataja kitu gani kifutwe, lini, na nini kibaki. Matusi na vitisho vya kortini katika hatua hii humfanya mtu ajitetee badala ya kufuta.

Haraka hii ina sababu. Kwenye WhatsApp aliyetuma anaweza kuchagua `Delete for everyone` kwa muda wa takriban siku mbili tu tangu alipotuma. Ukipita, anachoweza kufuta ni kwenye simu yake mwenyewe. Kama hashiki simu, mwombe msimamizi wa grupu, naye ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Hata hivyo, picha iliyokwisha kuingia kwenye galari ya simu ya mtu haitoki kwa njia hii.

Na tafadhali, msituletee ombi la "iambieni WhatsApp iifute". Kampuni hiyo haihifadhi picha za magrupu mahali inapoweza kuzifungua na kuzifuta. Ukiripoti grupu, inapokea ujumbe wa karibuni usiozidi mitano, na inaweza kuchukua hatua dhidi ya akaunti. Haiingii kwenye simu za watu. Tumelieleza jambo hili mara nyingi.

Facebook ni tofauti, kwa kuwa chapisho liko kwao na wanaweza kuliondoa. Bonyeza nukta tatu juu ya chapisho, kisha chaguo la `Report`. Kanuni zao za faragha zinakataza kuchapisha taarifa za kitabibu za mtu mwingine zinapoonekana zimetoka kwenye rekodi au hati rasmi. Kwa hiyo picha ya karatasi ina nguvu kuliko maneno ya umbea yasiyo na hati, na kama kuna nafasi ya maelezo, sema wazi kwamba hiyo ni rekodi yako ya hospitali. Ikiwa kilichowekwa ni picha yako ukiwa kitandani bila karatasi, tafuta kwenye kituo chao cha msaada fomu ya faragha ya picha. Ijaze mwenyewe. Mashoga kumi wakiripoti kwa niaba yako hawana uzito wa ripoti moja ya mwenye picha. Wale wanaosema "tumeziba macho, hatambuliki" waangalie tena: jina kwenye kadi ya kitanda linasomeka, na leso ya mgonjwa inajulikana mtaa mzima.

Wakati huohuo mwandikie mwenye ukurasa kuomba afute. Kwa mujibu wa kanuni za 2021 za Sheria ya Ulinzi wa Data, anayeshikilia data ya mtu ana siku 14 za kujibu ombi la kufuta. Akikataa au akinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data kupitia tovuti ya `odpc.go.ke`. Huna haja ya wakili. Mlalamikiwa hupewa siku 21 kujibu, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoa notisi ya utekelezaji, na anayeikaidi anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Fidia kwa madhara uliyopata, ikiwemo fadhaa, inaweza pia kuamriwa. Si vitisho vya karatasini: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake.

Je, binamu naye atashtakiwa? Wengi huuliza hivi wakiwa na hasira. Sheria inaacha nje shughuli za mtu binafsi zilizo za nyumbani tu, na grupu la familia huenda likaangukia hapo, ingawa kila kesi huangaliwa kwa mazingira yake. Ukurasa wa maelfu ya watu hauwezi kujificha nyuma ya kifungu hicho, hata ukidai umenukuu tu kutoka grupu.

Ikigundulika kwamba picha ilitoka kwa mhudumu wa afya, usianze na simu yake. Andika kwa msimamizi wa kituo, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, utaje tarehe, wodi na kilichoonekana kwenye picha. Mhudumu amefungwa na wajibu wa siri ya mgonjwa chini ya Sheria ya Afya ya 2017, na baraza linalompa leseni linaweza kumwita. Ikiwa kilichofichuliwa ni hali ya HIV, liko baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2006 kuhusu HIV na UKIMWI, na unaweza kuomba shauri lako lisikilizwe bila jina lako kutajwa hadharani.