Faranga moja kwa mwaka: Tanganyika na mikataba iliyoachwa na wakoloni

Tanganyika ilipokaribia uhuru mwaka 1961, vipande viwili vya ardhi yake vilikuwa vimepangishwa kwa Ubelgiji milele. Kimoja kilikuwa bandarini Dar es Salaam, kingine Kigoma. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka.

Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Ubelgiji yalitoka Kongo, yakaiteka Kigoma na kufika hadi Tabora. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilibaki na Ruanda-Urundi, na Uingereza ikachukua sehemu iliyobaki ya koloni la Wajerumani. Lakini Kongo ya mashariki ilihitaji njia ya kutokea baharini, na njia hiyo ilikuwa reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 Waingereza na Wabelgiji walitia saini mkataba wa kupangishana maeneo hayo mawili, na wakaongeza mwingine mwaka 1951. Wakati ule wa kwanza Shirikisho la Mataifa lilikuwa bado halijaithibitishia rasmi Uingereza dhamana ya kuiangalia Tanganyika. Hilo lilifanyika Julai 1922. Wenye ardhi hawakuulizwa.

Kesi hii huwa naitumia ninapofundisha urithi wa mikataba, kwa sababu inaonyesha ukosoaji wa Kiafrika wa sheria ya kimataifa ukifanya kazi, si ukibaki nadharia. Swali ni jepesi kuliuliza: mkoloni akiondoka, ahadi alizozitoa kwa niaba ya nchi aliyoitawala zinamfuata nani?

Uingereza ilikuwa na jibu tayari. Koloni lilipokaribia uhuru, London ililitaka libadilishane nayo barua za kukubali haki na wajibu wote wa mikataba iliyosainiwa kwa ajili yake. Ghana ilikubali, Nigeria ikakubali. Mwalimu Nyerere alikataa, na tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, akaeleza sababu zake Bungeni.

Kuhusu maeneo ya Wabelgiji, hoja yake ilikuwa ya kisheria kabisa. Uingereza haikuwahi kuimiliki Tanganyika. Ilikuwa mdhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha chini ya Umoja wa Mataifa, na udhamini ni kazi yenye mwisho. Mwenye haki ya muda hawezi kutoa haki ya milele. Mpangaji wa miaka mitano hawezi kumpangisha mwenzake chumba kwa miaka mia. Hata mahakama ya mwanzo ingelitupilia mbali shauri hilo. Zingatia kwamba Nyerere hakusema sheria ya Wazungu haimhusu. Aliichukua kanuni yao wenyewe, kwamba mtu hatoi asichokuwa nacho, akawageuzia.

Kwa mikataba mingine aliweka utaratibu aliomwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwezi Desemba. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili, iwapo upande wa pili nao ungeiheshimu. Ndani ya muda huo serikali ingeipitia mmoja mmoja na kujadiliana. Muda ukiisha, ambao haukuafikiwa ungehesabiwa umekufa, isipokuwa ule ambao kwa sheria ya kimila ya mataifa, yaani desturi ambazo nchi huziheshimu kama sheria, ungebaki hai wenyewe. Uganda, Kenya na nchi nyingine zikafuata njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1978 Mkataba wa Viena kuhusu urithi wa mataifa katika mikataba ukaandika, katika kifungu cha 16, kwamba taifa lililojipatia uhuru halilazimiki kuendeleza mkataba kwa sababu tu mkataba huo ulihusu eneo lake.

Ugumu ulijitokeza kwenye maji. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua kuhusu mto Naili. Kwa barua hizo, kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye mto huo na maziwa unakotoka, katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, ilihitaji kibali cha Misri kama ingepunguza maji yanayoifikia. Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua hizo haziifungi. Misri ikajibu kwamba zinabaki na nguvu hadi yapatikane makubaliano mengine.

Msimamo wa Misri usipuuzwe. Wanasheria wanatofautisha mkataba wa kawaida na ule unaoshikamana na ardhi yenyewe, kama njia ya mguu inayopita shambani, ambayo haifi shamba linapouzwa. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Viena kinazilinda haki za namna hiyo, na mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kifungu hicho kinaakisi sheria ya kimila. Tanzania kwa upande wake ilichimba na kulaza mabomba kutoka Ziwa Viktoria hadi Shinyanga na Kahama bila kuomba kibali Kairo. Mwaka 2010 ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza kusaini, pale Entebe, mkataba mpya wa bonde la Naili, ambao ulianza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudan hazijajiunga.

Sasa mipaka, ambako binafsi naona ukosoaji huu unajikwaa. Mistari ya mwaka 1884 na miaka iliyofuata ilichorwa na watu walewale, kwa mikataba ya aina ileile ambayo wenye ardhi hawakuulizwa. Kwa mantiki ya Nyerere mwenyewe ingepaswa kufa. Lakini Kairo, Julai 1964, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliamua kuiheshimu mipaka waliyoirithi siku ya uhuru, na hoja hiyo iliwasilishwa na Nyerere. Somalia na Moroko zilipinga. Sababu ilikuwa hofu ya vita: ukifungua mpaka mmoja, utaweza kuufunga upi? Baadhi ya wanazuoni, akiwamo Mkenya Makau Mutua, wanaona hapo Afrika iliubariki mgawanyo wa kikoloni na kwamba ramani ingepaswa kuchorwa upya.

Gharama yake iliirudia Tanzania yenyewe. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mpaka wa Ziwa Nyasa kwenye ufuko wa upande wa Tanzania, si katikati ya maji. Mvuvi wa Mbamba Bay akisukuma mtumbwi, kwa mujibu wa karatasi hiyo, ameshaingia Malawi. Mwaka 1967 Tanzania ilidai mpaka upite katikati. Malawi ikajibu kwa azimio la Kairo.

Tanzania inategemea zaidi desturi ya mataifa ya kugawana ziwa kwa mstari wa kati, pamoja na kifungu cha 6 cha mkataba huohuo wa 1890, kinachoruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Yaani, ili kujinasua na karatasi ya wakoloni, inabidi kusoma karatasi hiyo kwa makini kuliko walioiandika. Lakini kifungu hicho kinataka makubaliano, na wasuluhishi chini ya Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, hawajayapata. Wavuvi wa pande zote mbili bado wanatega nyavu zao humo.