Kabla ya kupanda basi kwenda kujiandikisha Uganda, hakikisha kwanza utapokelewa wapi

Malalamiko yanayofika mezani kwetu siku hizi yanafanana. Mtu ametoka Kongo, ameingia Uganda, ametumia akiba yote kwa nauli, kisha anafika kwenye geti ambako mlinzi anamwambia, "Hapa hatuandikishi wapya." Hajafanya kosa lolote. Aliambiwa na jamaa, au alisikia sauti iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp, na jamaa huyo mwenyewe aliandikishwa miaka sita iliyopita. Naandika hasa kwa ndugu zetu wa Kivu na Ituri na kwa Warundi, kwa sababu wao ndio tunaowahudumia kila siku kwa Kiswahili. Haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri juu ya kesi yako.

Nianze na jambo linalotuchosha kulirudia: HCR, yaani shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, haikuandikishi kuwa mkimbizi Uganda. Anayeandikisha na kuamua ni serikali, kupitia Idara ya Wakimbizi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo kila mtu huiita OPM. HCR inasaidia kwa mitambo, magari na wafanyakazi, lakini ukienda kusimama mbele ya ofisi yake Kampala ukiwa na watoto na mizigo, utaelekezwa kwingine. Nauli imeliwa, siku imeliwa.

Baada ya hapo, elewa kwamba neno "ofisi" linaficha mahali pa aina tatu. Kuna kituo cha muda karibu na mpaka, kama Nyakabande wilayani Kisoro kwa wanaovukia Bunagana, au Matanda wilayani Kanungu. Hapo unapokelewa, unakula chakula kilichopikwa, unaandikwa kwa awali na kusubiri basi. Kuna kituo cha mapokezi ndani ya makazi yenyewe ya wakimbizi, ambapo ndipo alama za vidole na macho huchukuliwa na familia kupewa karatasi zake. Halafu kuna utaratibu wa mjini Kampala, ambao kwa miaka mingi umeanzia dawati la wakimbizi la Kituo cha Polisi cha Old Kampala, kisha OPM. Mtu akikuambia "nenda kajiandikishe", swali lako la kwanza liwe: katika hivyo vitatu, anasema kipi?

Vituo vya muda hufunguliwa, hupanuliwa na hupunguzwa kadiri watu wanavyokuja. Bunagana ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Juni 2022, maelfu walivuka kwa siku chache na kazi yote ya Kisoro ikabadilika. Hivyo maelekezo yaliyokuwa sahihi kwa shemeji yako huenda leo yakakupeleka kwenye uwanja mtupu. Shemeji hakudanganya. Maelekezo yake yamepitwa na wakati.

Basi tuchukue mfano. Baba, mama na watoto watatu wametoka Rutshuru na kuvuka Bunagana siku ya Jumatano. Mjomba wao anaishi Katwe, Kampala, na anawaambia: "Msipoteze muda kambini, njooni mjini nitawaandikisha." Mama ana pesa ya safari moja tu. Jirani waliyevuka naye anasema makazi ya Nakivale ndiko kunakogawiwa viwanja. Afanye nini?

Kwanza, akiwa bado Kisoro, aulize hapo hapo kituoni. Hili watu hulidharau, na sielewi kwa nini, maana ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kutoka vituo vya muda, safari ya kwenda kwenye makazi hupangwa kwa mabasi na haina malipo. Ukiandikwa hapo ukafungwa ile bangili ya plastiki mkononi, familia yako imeshahesabiwa pamoja na inasubiri zamu. Ukitoroka usiku kwenda stendi, unajilipia nauli ya watu watano na kufika kituo cha mapokezi bila mtu kukutarajia. Hutafukuzwa kwa ajili hiyo, lakini utaanza maelezo upya, na mara nyingi utarudi nyuma ya foleni.

Pili, kabla ya kukubali wito wa mjomba, ajue kinachobadilika. Aliyeandikishwa makazini hupangiwa kiwanja na kuingizwa kwenye misaada ya huko kadiri iliyopo. Aliyeandikishwa kama mkazi wa Kampala anategemewa kujitegemea: kodi, chakula, kila kitu. Karatasi yako itaonyesha ulikoandikwa, na kuhamisha faili baadaye ni maombi mapya yanayohitaji sababu na muda. Mjomba anaweza kuwapokea kwa upendo wote, ila hana uwezo wa "kuwaandikisha". Kila mmoja lazima afike kwa mwili wake, hata mtoto mchanga, kwa sababu majina ya familia yanaunganishwa siku ile ile. Tumeona baba akitangulia peke yake "kupeleleza", akaandikwa kama mtu asiye na familia, na mke na watoto walipofika ikawa kesi ya kuunganishwa iliyokula miezi.

Tuseme mama ameamua Nakivale, na kwa sababu yoyote ile anasafiri mwenyewe. Hapa ndipo neno "anwani" lina uzito. Nakivale si geti moja. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 185 wilayani Isingiro, lenye vijiji zaidi ya sabini na kanda kama Base Camp, Juru na Rubondo. Ukimwambia dereva Mbarara "nipeleke Nakivale", atakushusha panapomfaa yeye. Wapya kwa kawaida hupokelewa kituo cha Kabazana, na kutoka kanda moja hadi nyingine ni safari nyingine ya boda kwenye vumbi, na mizigo na watoto boda moja haitoshi. Kwa hiyo usiandike "Nakivale" kwenye karatasi yako. Andika jina la kituo, kanda, wilaya, na mji ambao unabadilishia gari.

Kampala nako kuna mtego wake. Old Kampala ni kilima, kile chenye Msikiti wa Taifa unaoonekana kutoka mbali. Old Taxi Park ni stendi ya matatu katikati ya mji. Ni sehemu mbili tofauti, lakini mgeni anayesikia "Old" anachanganya, na kijana wa kwanza anayemwona amechanganyikiwa anajitolea kumpeleka kwa pesa. Taja kituo cha polisi na msikiti kwa pamoja.

Sasa namna ya kuhakikisha. Kuna namba ya bure ya malalamiko na maelekezo kwa wakimbizi, 0800 32 32 32, unayoweza kuipiga ukiwa Uganda, na Kiswahili kinazungumzwa. Mtandaoni kuna ukurasa wa HCR, help.unhcr.org/uganda. Usipige ukauliza tu "ofisi iko wapi?", utajibiwa kwa ujumla. Sema uraia wako, tarehe na mahali ulipoingilia, mko watu wangapi, na sasa hivi mko wilaya gani. Kisha uliza mambo manne. Je, mahali hapo panaandikisha wapya wiki hii, au panahudumia tu wanaohuisha karatasi? Je, wa uraia wangu wanapokelewa hapo hapo, au wanaanzia polisi? Siku zipi, na mwisho wa kuingia foleni ni saa ngapi? Na gari la mwisho linanishusha wapi? Swali la kwanza ndilo linalookoa watu wengi zaidi. Ofisi inaweza kuwa wazi, imejaa watu, na bado isiwe inaandikisha wapya.

Jibu lithibitishe kwa mtu wa pili asiyetegemea wa kwanza: afisa wa kituo cha muda, au shirika la msaada wa kisheria. Ukipata majibu mawili yanayopingana, usisafiri siku hiyo. Na usipange kufika Ijumaa usiku, kwani ofisi za serikali hazikungoji Jumamosi, nawe utalala nje siku mbili. Angalia pia sikukuu: tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, ofisi zimefungwa na barabara za kuelekea Namugongo hazipitiki.

Najua kinachowasukuma watu kukimbia bila kuuliza ni hofu ya siku 30. Ndiyo, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inataka uombe hifadhi ndani ya siku 30 tangu kuingia. Lakini kutumia siku mbili kuhakikisha anwani hakukuharibii kitu. Sheria hiyo hiyo inalinda aliyeingia bila kibali mradi ajitokeze kwa mamlaka na kueleza. Ukichelewa, njoo vilevile, ueleze sababu, na uwe na chochote kinachoonyesha ulikuwa wapi: tiketi ya basi, karatasi ya zahanati, bangili ya kituo. Kwa wanaosikilizwa mmoja mmoja, kamati ya serikali inayoamua maombi ya hifadhi inatakiwa kuamua ndani ya siku 90, na anayekataliwa ana siku 30 za kukata rufaa. Siku hizo za rufaa ndizo za kuogopa kuliko hizi za mwanzo, maana hapo watu wanakaa kimya.

Kuhusu adhabu, niseme wazi kwa sababu tunaulizwa kila wiki. Kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai. Kujiandikisha mara mbili, Nakivale kwa jina moja na Kampala kwa jina jingine, hakufichiki. Tangu uhakiki mkubwa wa mwaka 2018 alama za vidole na macho hulinganishwa na zilizopo, na mfumo unaonyesha. Faili inasimamishwa, msaada unasimama, na kuifungua ni mahojiano juu ya mahojiano. Kama uliwahi kuandikwa popote, hata nchi nyingine, sema mwenyewe kabla mashine haijasema.

Na kuandikishwa ni bure. Picha ni bure, fomu ni bure, karatasi ya familia ni bure, foleni ni bure. Anayekwambia anayo "anwani ya ndani" au "siku yako" kwa shilingi elfu hamsini, hana. Piga namba ile ile, utaje mahali na saa. Huhitaji kutaja jina lako.

Yule mama wa Rutshuru, akifuata haya, atakuwa na karatasi ndogo mfukoni iliyoandikwa kwa kalamu, si kwenye simu inayoweza kuzima Mbarara: "Kabazana, Nakivale, Isingiro. Badilisha gari Mbarara. Wapya wanaandikwa. Njoo na watoto wote." Chini yake tarehe aliyoulizia, na jina la ofisi iliyomjibu. Karatasi hiyo amwonyeshe dereva kabla ya kulipa, sio baada ya gari kuondoka.