Makala ya kwanza kuhusu dini: jinsi tulivyolipima jarida lililotualika

Mwanafunzi wangu wa uzamivu aliniletea simu yake ofisini, hapa Nairobi, uso ukiwa umechangamka. "Mwalimu, nimealikwa kuchapisha." Baruapepe ilimwita profesa mashuhuri, jina ambalo bado hajalipata, ikasifu "mchango wake mkubwa katika nyanja hii", ikamwomba makala ndani ya siku saba. Alikuwa ameshatuma. Siku ya nne akajibiwa kwamba makala imekubaliwa bila marekebisho yoyote, na ankara ya dola 180 imeambatishwa. Kwa shilingi ni zaidi ya 23,000, na mpango wake ulikuwa azikope kwenye chama cha mama yake.

Makala yenyewe ilihusu vilemba vya Wakorino wa mtaa wa Kayole, waumini wa makanisa huru ya Kikristo yaliyoanzia Kenya ambao hufunga kilemba kama alama ya imani yao: kwa nini vijana wengine wanavivua wakienda kazini na kuvifunga tena jioni. Ni kazi nzuri, imejaa mahojiano aliyoyafanya mwenyewe kwa Kikuyu na Kiswahili. Nilimwambia asilipe kitu mpaka tulipime jarida hilo pamoja. Tulikaa saa mbili. Naandika hapa tulichofanya, kwa sababu kila muhula wapo watatu au wanne wanaonijia na barua ya namna hiyo hiyo.

Yeye alikuwa na hoja tatu za kulitetea: lina ISSN, linapatikana kwenye Google Scholar, na lina kipimo cha athari, yaani wastani wa mara ambazo makala zake hunukuliwa, cha 6.8. Tulianza na hizo.

ISSN ni namba ya utambulisho tu, kama namba ya gari. Namba ya gari haikwambii kama dereva ana leseni. Anayeanzisha jarida anaiomba na kupewa, na wanaoitoa hawasomi hata makala moja. Google Scholar nayo hukusanya kwa mashine chochote chenye sura ya makala ya kitaaluma. Kwa hiyo hoja mbili za kwanza hazikuthibitisha chochote, si kwa uzuri wala kwa ubaya.

Hoja ya tatu ndiyo iliyolifichua jarida, na hapa anayejua uwanja wa dini ana faida. Kipimo cha athari kinachotambulika ulimwenguni hutolewa na kampuni ya Clarivate, na kwa miaka mingi majarida mengi ya masomo ya dini hayakuwa nacho kabisa, kwa kuwa faharasa yake ya majarida ya sanaa na ubinadamu haikupewa kipimo hicho hadi mwaka 2023. Hata sasa, jarida zuri la dini kuwa na kipimo kisichofika 1 ni jambo la kawaida. Sisi hunukuu vitabu kuliko makala, na kazi yetu husomwa polepole, kwa miaka. Jarida la teolojia linalojitangazia 6.8 limekopa tarakimu za watu wa tiba. Tulipotazama chini ya ukurasa tukakuta kipimo hicho kimetolewa na "taasisi" isiyo na anwani, ambayo kazi yake ni kuyauzia majarida namba.

Tukaendelea na nembo. Chini ya ukurasa zilipangwa nembo kumi na moja za faharasa mbalimbali, na tulipozibonyeza zilikuwa picha tupu, hazielekei popote. Kanuni yangu hapa ni moja: usiliulize jarida kama limo kwenye faharasa, iulize faharasa. Tulifungua doaj.org, tukaandika ISSN, hakuna kitu. Tukafungua scopus.com/sources, ambako mtu anaweza kutafuta jarida bila chuo chake kulipia, hakuna kitu. Ukilikuta jarida huko, tazama pia miaka iliyoandikwa, maana Scopus huyaondoa majarida yaliyoharibika, na jarida lililoondolewa huendelea kubandika nembo kana kwamba hakijatokea chochote.

Kisha tukachukua DOI, yaani namba ya kudumu ya kuipata makala mtandaoni, ya makala moja ya toleo lao la karibuni, tukaiweka baada ya anwani hii:

```
https://doi.org/
```

DOI ya kweli hukufikisha kwenye makala. Ile ilijibu kwamba haipo. Mtu alikuwa ameandika tu 10, nukta, tarakimu kadhaa na mkwaju, ifanane.

Lakini kilichomgusa mwanafunzi wangu kuliko vyote ni bodi ya wahariri. Katika majina ishirini na mawili, mmoja alikuwa mwanazuoni wa Uislamu ambaye kazi zake tunazisomesha, na ambaye amefariki miaka kadhaa iliyopita. Mwingine tulimwandikia kwa anwani ya chuoni kwake, si ile ya kwenye tovuti ya jarida. Alijibu jioni hiyo hiyo: halijui jarida hilo, na hii ni mara ya tatu anaulizwa.

Mwisho tukasoma makala zao mbili. Hatua hii ndiyo ninayoithamini zaidi, na ndiyo watu wanaoiruka. Jarida lilichanganya teolojia, kilimo na uhandisi katika toleo moja. Makala ya kwanza ilikuwa juu ya ubatizo. Ilipokelewa tarehe 3, ikakubaliwa tarehe 6 ya mwezi huo huo. Aya mbili zilijirudia neno kwa neno katika kurasa tofauti, na mwandishi alizungumzia "makanisa huru ya Kiafrika" bila kutaja hata moja kwa jina. Mhakiki yeyote anayeujua uwanja huu angeuliza: kanisa gani, wapi, mwaka gani? Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyesoma. Kumpata mtu mmoja anayewajua Wakorino vya kutosha, na mwenye nafasi ya kusoma kurasa ishirini na tano, humchukua mhariri wiki kadhaa kabla uhakiki wenyewe haujaanza. Siku nne hazitoshi hata kumtafuta.

Hapa naomba tuwe waangalifu, maana wengine wakishaogopa hutupa kila jarida la Kiafrika kapuni. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver aliyeyapa majarida haya jina lililoenea la "majarida wawindaji", alikuwa na orodha maarufu aliyoiondoa mtandaoni mwezi Januari 2017. Orodha hiyo ilisaidia wengi, ila ililaumiwa pia, na mimi naona kwa haki, kwa kuwashuku mno wachapishaji wadogo wa nchi zetu. Jarida la idara fulani ya chuo linaweza kuchelewa mwaka mzima, likawa na tovuti mbovu, lisiwe na DOI, na bado wahariri wake wakawa wanasoma kila neno. Umaskini si utapeli. Tofauti iko kwenye uongo: je, wanadai kuwa na kitu wasichokuwa nacho? Kwa majarida ya bara letu mimi huanza na AJOL, yaani African Journals Online. Huko kuna mpango unaoitwa JPPS unaoyapima majarida kwa taratibu zao za uchapishaji na kuyapa nyota, tatu zikiwa daraja la juu.

Ada nayo haitoshi kuwa ushahidi. HTS Teologiese Studies ya Afrika Kusini hutoza ada, imo kwenye DOAJ na Scopus, na huhakikiwa. Kinachonitia shaka ni ada inayojitokeza baada ya makala kukubaliwa bila kutajwa kabla.

Tulipomaliza kulikataa lile, swali likawa makala iende wapi. Nilimwambia afungue marejeo yake mwenyewe, ahesabu. Katika vyanzo thelathini na nane alivyonukuu, makala sita zilitoka Journal of Religion in Africa, jarida lililoanzishwa na Andrew Walls mwaka 1967 na ambalo huchapishwa na Brill. Mbili zilitoka Journal for the Study of Religion la Afrika Kusini. Jarida unalolinukuu mara sita ndiko yaliko mazungumzo unayotaka kuyaingia, na wahakiki wake ndio wanaoweza kukusoma.

Baada ya hapo tukatazama sauti ya makala. Uwanja wetu una milango miwili ambayo anayeanza huichanganya. Kuna anayeandika kutoka ndani ya imani, akiuliza kanisa lifanye nini, na kuna anayeandika kueleza watu wanafanya nini na kwa nini. Makala ya kichungaji kuhusu vijana na vilemba ingefaa African Ecclesial Review ya AMECEA Gaba Publications kule Eldoret, au Hekima Review hapa Nairobi. Ikipelekwa kwenye jarida la masomo ya jamii hurudishwa na mhariri mwenyewe hata kabla ya kufika kwa wahakiki. Kama angeandika juu ya zikri ya Eastleigh, ningemwonyesha Islamic Africa. Yake ilieleza, haikuhubiri, isipokuwa aya ya mwisho iliyowataka wazee wa kanisa "wabadilike". Tuliitoa aya hiyo.

Bado kulikuwa na kufuli moja. Makala ilikuwa mikononi mwa lile jarida la kwanza, na kuwa na makala moja kwenye majarida mawili ni kosa ambalo wahariri wa kweli hawalisamehi. Ikichapishwa kule, hata bila malipo, hakuna jarida zuri litakaloichukua tena. Aliandika siku hiyo hiyo: naiondoa makala, sijatia saini mkataba wa hakimiliki, sijalipa, msiichapishe. Walimjibu kwa kudai dola 90 za "ada ya kuondoa". Hakulipa. Aliwaandikia mara ya pili maneno yale yale, akahifadhi kila barua kwa tarehe yake, akawa anaikagua tovuti yao kila wiki kwa muda wa miezi miwili. Hawakuichapisha. Alipoituma makala kwenye jarida alilolichagua, barua yake kwa mhariri ilieleza kisa chote kwa sentensi tatu, na nakala za barua akaziambatisha. Mhariri alimshukuru kwa kusema mapema.

Majibu ya wahakiki yalifika baada ya miezi mitano na nusu. Wa kwanza alitaka sura ya historia ipunguzwe. Wa pili aliandika kurasa tatu, na katika ukurasa wa pili aliuliza jambo ambalo mimi msimamizi sikuwa nimeliona: mbona vijana wote waliohojiwa kuhusu kuvua kilemba kazini ni wanaume, ilhali wanawake wa Kikorino nao hufunga? Wao wakienda kazini hufanyaje? Uamuzi ulikuwa marekebisho makubwa, muda siku 90. Jumamosi iliyofuata mwanafunzi wangu alipanda matatu kurudi Kayole na daftari jipya.