Ukimtoroka Mtoto Leo, Kesho Atakushika Kanga

"Mwalimu, mwonyeshe yule paka, mimi nipite huku nyuma."

Nimefundisha darasa la awali miaka 11, na maneno hayo nayasikia kila Januari shule zikifunguliwa. Mtoto anainama kumtazama paka, akiinuka mama hayupo. Anayebaki na kilio ni mimi, lakini si kilio kinachonisumbua.

Dhana: Ukimuaga atalia, kwa hiyo heri umtoroke

Atalia, sikatai. Ila ukimtoroka atalia vilevile, tofauti ni kwamba wewe hutamsikia. Na mtoto aliyetorokwa anaondoka na somo: kumbe nikigeuza macho kidogo tu, mtu wangu anapotea. Basi hageuzi macho tena. Darasani hachezi, anaulinda mlango. Nyumbani anakufuata mpaka chooni.

Mwaka juzi nilimpokea binti wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake. Shangazi alimtoroka siku tatu mfululizo. Siku ya nne mtoto alifika getini amekamata kanga kwa mikono miwili, tukashindwa kumbandua. Ijumaa nikaketi na shangazi, tukakubaliana Jumatatu tuanze upya.

Jumatatu alikuja naye, akakaa kwenye mkeka pembeni mpaka saa ya uji. Nilimwomba asicheze naye wala asimfukuze, awepo tu. Jumanne alimwambia, "Naenda dukani, narudi," akaenda dakika 15 akarudi kweli. Mtoto alilia dakika zote 15. Hilo lilinitosha, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtoto aliona neno "narudi" likitimia. Jumatano aliondoka akarudi wakati wa uji, Alhamisi na Ijumaa baada ya michezo. Jumatatu iliyofuata mtoto akashinda mpaka mwisho.

Kuaga kwenyewe kulikuwa kufupi, hakukufika dakika mbili. Begi kwenye msumari wake. Shangazi anachuchumaa, macho kwa macho, anasema maneno yaleyale kila siku: "Naenda sokoni. Mtakunywa uji, mtacheza, mtaimba wimbo wa kwaheri, kisha utaniona mlangoni." Wanagonga viganja mara tatu. Anauweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wangu, anaondoka.

Angalia hakusema "saa sita". Mtoto wa umri huo hana saa kichwani, ana uji, michezo na wimbo. Ndiyo maana ukichelewa nusu saa baada ya wimbo umeivunja ahadi, hata kama wewe unaona ni foleni tu ya daladala. Nipigie simu nimwambie mapema, naye ajue.

Siku moja shangazi alisikia kilio akarudi kutoka getini kumbembeleza. Kesho yake kilio kilikuwa kirefu zaidi, maana mtoto alikuwa ameona kwamba kikipanda, shangazi anarudi. Sasa nawaambia wazazi: roho ikikuuma, simama dukani kwa jirani, nipigie baada ya dakika 20. Mara nyingi nitakujibu huku mwanao anapanga vizibo vya soda. Wa shangazi huyu alianza kuvipanga mwenyewe, bila kushikwa mkono, siku ya nane tangu tuanze upya.

Dhana: Analia kwa sababu bibi amemdekeza

Hii huwa inasemwa mbele ya bibi mwenyewe, maskini. Wasiwasi wa kutengana huja na umri. Huanza karibu miezi sita hadi minane, mtoto anapotambua kwamba mtu wake bado yupo hata asipomwona, na huwa mkali zaidi kati ya mwezi wa 10 na wa 18. Kisha hupungua, ingawa shule mpya inaweza kuuamsha tena.

Na ushahidi wa mapema ulitoka hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawafuatilia watoto wachanga wa Kiganda majumbani mwao katika vijiji vya karibu na Kampala. Watoto waliokuwa na uhusiano imara na mama zao walilia kidogo akiwapo, wakamwacha alipo wakaenda kuchezea vitu, kisha wakarudi kwake. Waliolia sana, hata wakiwa wamebebwa na mama, ni wale ambao uhusiano wao ulikuwa wa mashaka. Kulia mtu anapoondoka ni jambo jingine: mtoto anayemlilia mtu wake anaonyesha kwamba anaye mtu.

Dhana: Mpeleke kwa bibi, atasahau ziwa na mama kwa mkupuo mmoja

Ainsworth alikwenda akitarajia kuchunguza desturi hiyohiyo: mtoto kupelekwa kwa bibi siku kadhaa ili aachishwe ziwa. Alikuta familia nyingi zimeshaiacha. Kwetu bado ipo, na sina ugomvi na bibi. Ugomvi wangu ni kumnyang'anya mtoto vitu viwili siku moja. Mwachishe ziwa nyumbani kwanza, apite wiki kadhaa. Kama unasafiri, bibi aje kwenu siku mbili tatu, amwogeshe, amlishe, amlaze wewe ukiwapo. Mtoto akienda, aende na kanga yako ambayo hujaifua. Piga simu saa ileile kila siku, lakini isiwe kabla ya usingizi, maana ndipo akili inapokutafuta zaidi.

Dhana: Amenyamaza, basi amezoea

Hapa ndipo nawaomba wazazi wapunguze furaha. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii James Robertson, aliyefanya kazi na daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby jijini London, aliwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitalini katika enzi ambayo wazazi walizuiwa kukaa nao. Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hulia kwa hasira. Kisha hunyong'onyea, akawa mtulivu, na wauguzi wakasema ametulia. Mwisho hujitenga, hata mama akija anamtazama kama mgeni.

Ukimya wa kuzoea una sauti zake ndogondogo. Mtoto anakula, anagombania kigari, anaomba kwenda chooni. Kipimo ninachokiamini zaidi ni akianguka: aliyezoea anamkimbilia mwalimu au bibi amwonyeshe goti. Aliyekata tamaa anabaki pale alipoangukia, hamtafuti mtu. Huyo nampunguzia saa, namrudisha mtu wake mkekani, tunaanza ngazi ya chini.

Dhana: Akilia ukija kumchukua, ametendewa vibaya

Mara nyingi la. Amejizuia asubuhi nzima, akikuona anatua mzigo. Mbebe, usimhoji njiani. Vilevile usishangae kilio kikirudi Jumatatu, baada ya homa, au mdogo wake akizaliwa. Rudieni kuaga kwenu kama mwanzo.

Kinachonifanya niite mzazi ni kitu kingine. Mtoto aliyekuwa akija kwa furaha miezi miwili, ghafla anakataa. Au anamwogopa mtu mmoja tu, au anakataa chumba kimoja tu kwa bibi, au ana alama mwilini. Hapo usitafute utaratibu mzuri wa kuaga. Usimpeleke kwanza, mwogeshe ukimtazama mwili, msikilize bila kumwekea maneno mdomoni. Na kama hofu ya kuachwa yenyewe imepita wiki nne, anatapika au kulalamika tumbo kila siku ya shule lakini Jumamosi ni mzima, mpeleke kliniki aonwe na daktari wa watoto.