Limiti ya tofauti ya saini mbili huko infiniti: theoremu ya thamani ya wastani inamaliza kazi

Swali lenyewe ni hili, na wanafunzi wangu wa kalkulasi huwa wanakwama nalo kila mara: tafuta limiti ya

sin √(x+1) − sin √x

x ikienda infiniti. Jibu ni 0. Ila jibu peke yake sio kitu, wengi hulikisia, shida inaanza ukiwaambia wathibitishe.

Cha kwanza ambacho mtu anajaribu ni kuzigawa, achukue limiti ya sin √(x+1) halafu atoe limiti ya sin √x. Haiwezekani kwa sababu hizo limiti mbili hazipo. Chukua sin √x peke yake: kila x ikiwa (nπ)² unapata 0, na kila x ikiwa (π/2 + 2nπ)² unapata 1, na sehemu zote hizo zinaendelea kutokea hata ukienda mbali kiasi gani. Fanksheni inapanda na kushuka milele kati ya -1 na 1 haitulii popote. Na sheria ya "limiti ya tofauti ni tofauti ya limiti" inafanya kazi pale tu limiti zote mbili zipo, hapa haipo hata moja, kwa hiyo sheria hiyo weka pembeni kabisa. Kuna wengine wanasema "zote zinacheza sawasawa kwa hiyo zinafutana", hiyo nayo sio hoja, mbona sin(x+1) − sin x nazo zinacheza lakini hazifutani? Ile tofauti inabaki inapanda na kushuka karibu kati ya -0.96 na 0.96 bila kuisha.

Sasa tofauti iko wapi kati ya hizo mbili? Iko kwenye kile kipeuo cha pili. Wimbi la sin x lina urefu uleule siku zote, 2π. Wimbi la sin √x linanyooka kadri unavyokwenda mbele. Inagusa sifuri kwenye (nπ)², kwa hiyo kutoka sifuri moja hadi inayofuata ni (2n+1)π², na hiyo inazidi kukua. Ukiwa x = 100 wimbi zima lina urefu wa kama 126, ukiwa x = 10000 wimbi zima ni kama 1257. Na sisi tunasogea hatua 1 tu, kutoka x hadi x+1. Hatua 1 kwenye wimbi la 1257 haikupandishi wala kukushusha kitu cha maana. Hapo ndo unaona kwa nini jibu ni sifuri, na unaona pia kwamba tunachohitaji ni kupima mteremko, yaani derivativi. Na kitu kinachounganisha tofauti ya thamani mbili na derivativi ni theoremu ya thamani ya wastani.

Theoremu inasema hivi: kama f haikatiki kwenye kipande [a, b] na ina derivativi kila mahali ndani yake, basi kuna angalau sehemu moja c kati ya a na b ambapo

f(b) − f(a) = f′(c)(b − a)

Weka f(t) = sin √t, na kipande kiwe [x, x+1] na x > 0. Masharti yote yametimia, hakuna kona wala shimo. Derivativi kwa sheria ya mnyororo ni cos √t gawanya kwa 2√t. Na b − a ni 1. Kwa hiyo kwa kila x kuna c, kubwa kuliko x na ndogo kuliko x+1, ambapo

sin √(x+1) − sin √x = cos √c / (2√c)

Angalia kilichotokea, tofauti imepotea, tumebaki na kitu kimoja chenye √c chini. Sasa hapa wengi wanaanza kuhangaika wanataka kujua c ni ngapi. Huhitaji kujua! Unahitaji vitu viwili tu. Kwanza, kosaini ya kitu chochote haizidi 1 wala haishuki chini ya -1, kwa hiyo juu pale hakuna kinachoweza kukua. Pili, c ni kubwa kuliko x, kwa hiyo √c ni kubwa kuliko √x. Unganisha:

|sin √(x+1) − sin √x| ≤ 1/(2√c) < 1/(2√x)

Na 1/(2√x) inaenda 0, tofauti yetu imebanwa katikati haina pa kwenda, limiti ni 0. Imeisha.

Kitu kimoja nasisitiza kwenye uandishi wake. c sio namba moja iliyokaa sehemu moja, inabadilika kila x inapobadilika, mi napenda iandikwe c(x) angalau mara ya kwanza ili msomaji akumbuke. Ukiiandika c tu halafu ukasahau, utajikuta unasema "1/(2√c) ni namba fulani", na uthibitisho umekufa hapo. Na usiandike kwamba cos √c "inaelekea" namba fulani, haielekei popote, na wala hatuhitaji ielekee. Inatosha kwamba imefungwa kati ya -1 na 1.

Tujaribu kwa namba. x = 100: √100 ni 10 na √101 ni kama 10.04988. sin 10 ni -0.54402, sin 10.04988 ni -0.58518, tofauti ni kama -0.0412. Mpaka wetu 1/(2√x) unasema haiwezi kuzidi 0.05, sawa kabisa. x = 10000: tofauti ni kama 0.0043, mpaka ni 0.005. x = 1000000: tofauti ni kama 0.00028, mpaka 0.0005. Ila hakikisha kalkuleta iko kwenye radiani sio digrii. Ukiingiza sin 10 ikakupa 0.1736 basi ujue iko kwenye digrii, na namba zako zote hazitalingana na derivativi uliyotumia, maana derivativi ya saini kuwa kosaini tupu ni ukweli wa radiani tu.

Uzuri mwingine wa mpaka huu ni kwamba unakwambia uende mbali kiasi gani. Unataka tofauti iwe chini ya 0.01? Dai 1/(2√x) isizidi 0.01, unapata √x angalau 50, yaani x kuanzia 2500. Kwa epsiloni yoyote ni x kubwa kuliko 1/(4ε²). Huo ndo uthibitisho wa epsiloni kamili, umetoka bure kwenye mstari uleule.

Kuna njia ya pili ya kutumia theoremu hiihii ambayo mi binafsi naipenda zaidi maana inabeba maswali mengi kwa mpigo. Badala ya kuitumia kwenye sin √t nzima, itumie kwenye sin peke yake. Kwa u na v zozote, sin u − sin v = cos c · (u − v), kwa hiyo

|sin u − sin v| ≤ |u − v|

Sasa saini zimeondoka kabisa kwenye mjadala, umebaki na tofauti ya vitu vya ndani. Kwetu ni √(x+1) − √x, ambayo ukizidisha na kugawanya kwa jumla yake inakuwa 1/(√(x+1) + √x), inaenda 0. Kwa mstari huohuo unamaliza sin ln(x+1) − sin ln x, maana tofauti ya ndani ni ln(1 + 1/x) ambayo ni ndogo kuliko 1/x. Unamaliza pia sin √(x²+1) − sin x, ambayo inawatisha watu kwa kuwa sin x wimbi lake halinyooki hata kidogo, lakini vitu vya ndani vinakaribiana, tofauti ni 1/(√(x²+1) + x), basi.

Sasa inafeli wapi. Badilisha swali kidogo, badala ya kusogea hatua 1 sogea hatua √x: sin √(x+√x) − sin √x. Kwa macho inafanana na ile ya kwanza na mtu mwenye haraka ataandika 0 aendelee. Lakini sasa b − a ni √x, na theoremu inakupa √x · cos √c / (2√c). √x ya juu na √c ya chini zinakaribia kulingana, unabaki na kitu kama nusu mara kosaini, hakuna kinachokubana. Na kweli √(x+√x) − √x inaenda 1/2, sio 0, na tofauti ya saini inaendelea kupanda na kushuka hadi karibu 0.49 kila upande, limiti haipo. Kwa hiyo ukiona swali la aina hii pima hatua yako dhidi ya √x: hatua ikiwa ndogo sana ukilinganisha na √x limiti ni 0, ikiwa inakua sambamba na √x mpaka wetu haukusaidii tena.

Lakini ukishafika hapo kwamba mpaka haukusaidii, usirukie kusema "basi limiti haipo". Theoremu haikupi hilo. Chukua sin(x+2π) − sin x. Theoremu inasema ni 2π · cos c, na cos t huko infiniti haina limiti, kwa hiyo mtu anaandika limiti haipo. Ila hii tofauti ni 0 kwa kila x, saini inajirudia kila 2π! Imekuwaje? Imekuwa kwamba c haizunguki kila mahali, inachagua. Kwa kila x, c inaangukia palepale ambapo kosaini ni sifuri, yaani π/2 ikijumlishwa na kizidisho kizima cha π, sehemu nyingine haigusi kamwe. cos t haina limiti lakini cos c(x) ni 0 daima. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha limiti haipo, kama kwenye ile ya √x, achana na c, tumia kanuni ya kugeuza tofauti kuwa zao, sin u − sin v = 2 sin((u−v)/2) cos((u+v)/2). Pale (u−v)/2 inaenda 1/4, kipande cha kwanza kinaenda 2 sin(1/4) ambayo sio sifuri, na kipande cha kosaini unakichagulia x zinazokipa 1 na nyingine zinazokipa -1, mbali utakavyo.