Kwa nini "a" na "the" hutukosesha tunapoandika Kiingereza

"Nilinunua gari wiki iliyopita. Gari lina tatizo la breki." Kwa Kiswahili, sentensi hizi hazina pengo lolote. Mwandishi akizihamishia kwenye Kiingereza zilivyo, anapata: "I bought car last week. Car has problem with brakes." Hapo vimepungua vineno vinne. Ilitakiwa: "I bought a car last week. The car has a problem with the brakes."

Gari la kwanza limepewa "a" kwa sababu msomaji ndiyo kwanza analisikia. La pili limepewa "the" kwa kuwa sasa analijua. Tatizo nalo ni geni kwake, kwa hiyo "a". Breki hazikuwa zimetajwa, ila gari lina breki zake. Likishatajwa gari, msomaji anajua ni breki zipi.

Warusi, Wachina, Wajapani na Wakorea hukosea hapo hapo tunapokosea sisi, kwa kuwa lugha zao pia hazina vineno hivi. Lakini dhana yenyewe tunayo. Msimulizi wa ngano husema "palikuwa na mfalme mmoja", kisha "mfalme yule akaoa". "Mmoja" humleta mgeni, "yule" humrudia aliyekwisha kutajwa. Na kweli, "a" ilitokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya "moja", na "the" ikatokana na kionyeshi, ndugu wa "yule". Tofauti ni kwamba sisi huyatumia maneno hayo tukipenda, ilhali Kiingereza hakiruhusu nomino ya umoja inayohesabika, kama "car", isimame peke yake.

Kosa gumu zaidi kuligundua, kwa maoni yangu, si kineno kilichoachwa bali "the" iliyowekwa pasipo pake. Mtu anaanza barua: "Yesterday I met the man who sells land." Ameandika "the" kwa sababu muuza viwanja huyo yumo akilini mwake, na sura na jina lake anavijua. Kiingereza hakijali kama mwandishi anamjua. Kinajali kama msomaji anaweza kumtambua. Msomaji hawezi, basi ni "a man". Kosa hili limechunguzwa hasa kwa Warusi na Wakorea wanaojifunza Kiingereza.

Ndiyo maana mimi hurudia sentensi nikijifanya msomaji na kuuliza: yupi? Nikikosa jibu, naandika "a". Jibu likiwa tayari limo kwenye maandishi, au likijulikana na wote kama jua na mwezi, naandika "the".

Swali hilo halisaidii kwa maneno kama "advice" na "information". Hayo hayahesabiki kwa Kiingereza, hivyo "an advice" ni kosa hata kama ushauri ni mpya kabisa. Majina ya mahali nayo yana taratibu zake: mito hupewa "the", maziwa hayapewi. Huandikwa "the Nile", lakini "Lake Victoria".